Kwa Nini Kyerwa Haiandikwi Cherwa: Tahajia na Matamko katika Nchi ya Karagwe

Kaisho ni mahali katika nchi ya vilima na migomba iliyo kati ya Karagwe na Mto Kagera. Mpaka mwaka 2012 palikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe. Mwaka huo wilaya iligawanywa, na Kaisho ikawa upande wa wilaya mpya iliyoitwa Kyerwa. Mtoto wa Kaisho husema Kinyambo nyumbani, husoma Kiswahili tangu siku ya kwanza ya shule, na baadaye hukutana na Kiingereza. Kwa hiyo huishi katikati ya tahajia tatu, wala hahitaji kusafiri ili kuona jinsi zinavyotofautiana. Jina la wilaya yake peke yake lamtosha.

Katika Kiswahili herufi mbili k na y hazifuatani mwanzoni mwa neno. Mtu wa pwani anaposoma jina Kyerwa kwa mara ya kwanza husitasita, kisha aghalabu hulikata vipande, akatamka k yake, akaongeza i ndogo isiyoandikwa, halafu akaendelea. Mwenyeji hafanyi hivyo. Kwake ky ni alama ya sauti moja itokayo kwenye kaakaa, sauti inayokaribia sana ile ch ya Kiswahili. Lakini mwenyeji huyohuyo, akiandika Kiswahili katika daftari lake, ataandika chakula na chombo, wala hatafikiri kuandika kyakula na kyombo. Sauti zinazokaribiana hivi zina nguo mbili, na kila moja huvaliwa katika lugha yake bila kosa.

Husemwa mara nyingi kwamba Kiswahili ni lugha iandikwayo kama isemwavyo, na kwamba Kiingereza ni lugha iliyochafuka. Maneno hayo yana kweli ndani yake, ila yamewekwa mahali pasipo pake, kwa maana yanafanya unyofu wa tahajia uwe tabia ya lugha, kama vile idadi ya irabu au mpango wa ngeli. Tahajia si tabia ya lugha. Ni mapatano, na kila mapatano yana tarehe yake, yana watu walioyafanya, na yana msomaji aliyekusudiwa. Mambo hayo matatu yakijulikana, sehemu kubwa ya yale yaitwayo machafuko hufumbuka.

Kiingereza chenyewe ni ushahidi mzuri wa jambo la kwanza, yaani tarehe. Neno lao la kisu huanza kwa herufi k ambayo leo haisikiki hata kidogo, na neno lao la usiku lina gh katikati isiyotamkwa. Herufi hizo hazikuwekwa kwa upuuzi. Katika Kiingereza cha zamani k ile ilitamkwa, na gh ilisimama mahali pa sauti kama kh ya Kiarabu. Neno la jina, liandikwalo kwa herufi n, a, m, e, lilikuwa na silabi mbili, na mtu aliyelisoma kama Mswahili angelisoma leo hangekosea sana. Mwaka 1476 William Caxton alifungua kiwanda cha kupiga chapa Westminster, na katika karne zilizofuata wapiga chapa wakaizoea tahajia moja, kisha kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ikaitia muhuri. Lakini katika muda uleule irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa zinahama. Zilianza kuhama karibu na mwaka 1400, na mpaka kufikia 1700 zilikuwa zimekwisha kubadili makao. Basi tahajia ilishikwa wakati matamko yanatembea. Mji wa Leicester husomwa Lesta. Silabi iliyokufa kinywani imehifadhiwa katika maandishi, kama mfupa ndani ya jiwe.

Lugha yoyote yaweza kupatwa na hali hiyo, mradi iandikwe zamani za kutosha, iandikwe sana, na asitokee mtu mwenye amri ya kuivunja tahajia na kuijenga upya. Waturuki walimpata mtu huyo: mwaka 1928 herufi za Kiarabu ziliondolewa kwa sheria, zikawekwa za Kilatini, na tangu hapo Kituruki husifiwa kwa unyofu wa tahajia yake. Lugha haikubadilika siku ile. Kilichobadilika ni tarehe ya mapatano.

Nacho Kiswahili kiliwahi kuwa na tahajia isiyolingana na matamko, tena kwa muda mrefu kuliko ule ambao kimeandikwa kwa Kilatini. Hati za pwani zilizohifadhiwa, zile za karne ya 18 na baada yake, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu hakina p, wala v, wala ch, wala irabu e na o. Waandishi walitumia b mahali pa p, na alama moja ya chini kwa i na e pamoja. Tena m na n zilizotangulia konsonanti nyingine katika silabi moja mara nyingi hazikuandikwa. Chukua neno pembe. P yake huwa b, e huwa i, m huachwa, na silabi ya mwisho huwa b na i. Katika mwandiko wa kale usio na alama za ziada, neno pembe lilisimama kwenye karatasi sawasawa na neno bibi.

Mtu aweza kudhani kwamba maandishi kama hayo hayasomeki. Lakini yalisomeka, na watu walitunga kwayo tendi ndefu, wakazinakili, wakazirithisha. Sababu yake ni kwamba msomaji aliyekusudiwa alikwisha ijua lugha, na mara nyingi alikwisha usikia hata utenzi wenyewe. Maandishi hayakumfundisha matamko, yalimkumbusha. Hata hivyo wapo waliotaka zaidi ya hapo. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, ambaye Mwingereza William Taylor alijifunza mengi kwake katika miaka ya 1880, ni mmoja wa wale waliofanya kazi ya kuzipa herufi za Kiarabu alama zaidi ili ziweze kutofautisha sauti za Kiswahili. Kazi hiyo ilikuja wakati shule za serikali na za misheni zilipokuwa zinaelekea kwingine.

Wageni waliokuja na herufi za Kilatini walikuwa na haja iliyo kinyume. Wao hawakuijua lugha. Walitaka maandishi yatakayomwezesha mtu asiyewahi kulisikia neno alitamke. Hapo ndipo unyofu wa tahajia ya Kiswahili ulipoanzia: haukutokana na hekima maalumu ya mtu yeyote, bali na ukweli kwamba tahajia ile ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya mgeni. Na kila mgeni alianza kwa masikio ya kwao.

Karagwe iliyaonja masikio hayo mapema. John Hanning Speke alifika kwa Mfalme Rumanika mwishoni mwa mwaka 1861, akiwa na wakalimani waliosema Kiswahili. Makao ya mfalme, yaliyojulikana na wenyeji kuwa Bweranyange, yeye aliyaandika Weranhanjé. B ya mwanzo imepotea, ny imekuwa nh kwa namna ya Wareno, na silabi ya mwisho, iandikwayo leo kwa g, yeye ameiwekea j. Kosa hilo la mwisho si la kudharauliwa. Yaonekana kwamba alisikia g iliyolainishwa na irabu e inayoifuata, kama vile k inavyolainishwa katika Kyerwa, naye akaandika alichosikia. Mwenyeji huandika g kwa sababu yeye ajua kwamba ni g. Kwa hiyo kati ya Speke na mwenyeji, aliyeandika kwa kufuata sauti ni Speke, na hata hivyo tahajia iliyobaki ni ya mwenyeji.

Baadaye walikuja Wajerumani, wakaandika Muansa na Kilimandscharo, kwa kuwa katika lugha yao s mbele ya irabu mara nyingi hutamkwa z, na j peke yake hutamkwa y. Wafaransa wa misheni nao walikuwa na yao. Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha sarufi ya lugha ya Unguja mwaka 1870, alichagua njia ya kati: konsonanti zisomwe karibu na zisomwavyo kwa Kiingereza, na irabu zisomwe kama za Kitaliano. Ch, sh, ny na ng' zilikuwa zimetulia katika maandishi ya Unguja kwa muda mrefu kabla Kiingereza hakijawa lugha ya serikali huku bara.

Mapatano yenyewe yalifanywa katika miaka michache tu. Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 uliianza kazi. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ukaichagua lahaja ya Unguja iwe msingi. Na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kufanya kazi, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Kamati hiyo ilikuwa na silaha moja iliyo kubwa kuliko hoja zote za wataalamu: kitabu cha shule kilihitaji kibali chake. Vilivyokuwa vimechapwa vilikuwa vichache, shule zilikuwa chache, na waliosoma walikuwa wachache. Hakukuwa na maktaba za karne nne za kuharibika, wala hakukuwa na mamilioni ya watu wa kufundishwa upya. Ndiyo sababu jambo lililowashinda Waingereza kwa miaka mingi likawezekana hapa. Likaongezwa na desturi moja njema, ya kuyaandika upya maneno ya kukopa. Kiswahili kilipochukua baiskeli au daktari hakikuchukua tahajia yake ya kigeni, hali Kiingereza huchukua neno la Kifaransa pamoja na nguo zake zote.

Lakini yafaa kuuliza: tahajia hii ni nyofu kwa kinywa cha nani? Lahaja ilipokwisha chaguliwa, kinywa nacho kilikwisha chaguliwa. Mtu wa Mombasa hutofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi inayofuata p katika neno moja na isiyofuata katika jingine. Taylor aliiandika pumzi hiyo. Tahajia sanifu haiiandiki. Kwa Mmvita, basi, maneno mawili yamefanywa moja kwenye karatasi, na tahajia ni pungufu kwake kama vile ya Kiarabu ilivyokuwa pungufu kwa pembe. Hata ndani ya Kiswahili sanifu ziko nyufa ndogo. Katika Kaisho, penye kahawa, mbuni ni mti unaojulikana na kila mtoto, nao husomwa kwa silabi tatu, m ikisimama peke yake. Mbuni aliye ndege husomwa kwa silabi mbili. Herufi ni zilezile. Tena barabara ya kupitia na jambo lililofanywa barabara hutofautiana kwa mkazo tu, nao mkazo hauandikwi.

Mwanafunzi wa Kaisho ana shida kubwa kuliko hizo. Lugha ya nyumbani kwake hutumia r mahali pengi ambapo Kiswahili kina l: kula ni okurya, kulima ni okurima. Sasa mtoto anaambiwa kwamba Kiswahili huandikwa kama kisemwavyo. Anasikiliza kinywa chake mwenyewe, anaandika kurima, na mwalimu anapiga mstari mwekundu. Kosa hilo ni la kanuni aliyopewa. Mtoto alikuwa mwaminifu kwa sauti. Aliyekosa ni yule aliyemwambia kwamba sauti pekee yatosha. Hutokea vivyo hivyo kwa thamani na samani, dhambi na zambi, kwa watoto ambao lugha zao za kwanza hazina th wala dh. Atakaye kujua mahali ambapo tahajia nyofu inaacha kuwa nyofu na azikusanye daftari za darasa la tatu. Kila kosa linalorudiwa na watoto wengi wa mahali pamoja laonyesha mahali ambapo kinywa cha Unguja na kinywa cha hapo vimeachana. Na hapo tahajia ya Kiswahili huwa kwa mtoto huyo kama ya Kiingereza ilivyo kwa mtoto wa London: jambo la kukariri neno kwa neno.

Hapa twaweza kurudi kwenye Kyerwa, kwa kuwa ky si uzembe wa mwandishi. Ng'ambo ya mpaka wa kaskazini, Waganda walikubaliana juu ya tahajia yao mwaka 1947, na walitatua swali lilelile lililowakabili watu wa Kiswahili kwa jibu jingine. Katika lugha zote mbili ngeli ya vitu huanza kwa ki-, nayo ki- ikikutana na irabu hubadilika. Mswahili husema changu, na wingi wake ni vyangu. Mganda husema ekyange, na wingi wake ni ebyange. Tazama wingi kwanza: vy- na by- zaonyesha wazi vi- na bi- zilikotoka. Lakini katika umoja, Mswahili ameandika ch, na ki- imefichika. Anayejifunza lazima aambiwe kwamba chakula, chombo na chuma ni ndugu za kitabu na kisu. Mganda ameandika ky, na undugu umebaki mbele ya macho. Alijua kwamba sauti ni moja na ile ya ch. Katika neno kama cayi, yaani chai, huandika c bila shaka yoyote, maana humo hamna ki- ya kulindwa. Na desturi ya kuandika ky imeenea katika lugha za Uganda magharibi, ambazo Kinyambo ni jirani na jamaa yake.

Basi kuna namna mbili za unyofu. Moja humwambia msomaji jinsi ya kutamka. Nyingine humwambia neno ni lipi na limetoka wapi. Mara nyingi hazigombani. Zikigombana, mwandishi hana budi kuiacha moja. Wajuzi wa Kiingereza wamesema zamani kwamba si kila kisicholingana na matamko katika tahajia yao ni takataka; maneno mengi ya ukoo mmoja hutamkwa mbalimbali lakini huandikwa kwa shina moja, na msomaji mzoefu hulitambua shina kabla hajafikiri sauti. Kiswahili hakikuhitaji sana kuchagua, kwa kuwa mashina yake hayabadiliki mno. Lakini Kinyambo kinahitaji, na jambo hilo limekwisha chunguzwa kwa makini kuliko wengi wanavyojua.

Kinyambo kina toni, yaani kupanda kwa sauti ambako ni sehemu ya neno. Mwaka 1989 Lee Bickmore alitoa tasnifu juu ya mambo haya ya Kinyambo katika Chuo Kikuu cha Kalifonia, Losi Anjelesi, na mfano wake mmoja umerudiwa na wataalamu wa nchi nyingi. Neno la wafanyakazi, likisemwa peke yake, lina toni ya juu kwenye silabi ya pili toka mwisho: abakózi. Sasa sema kwamba wafanyakazi walisaidia: abakozi bákajúna. Toni ya ko imetoweka, kwa sababu neno linalofuata, lenye toni ya juu, limeunganishwa nalo katika fungu moja la usemi. Sema tena kwamba wafanyakazi wakubwa walisaidia: abakozi bakúru bákajúna. Hapa abakozi imeipoteza toni yake mbele ya bakúru, lakini bakúru haikuipoteza yake mbele ya bákajúna. Kwa nini? Kwa sababu kiima kimekuwa cha maneno mawili, kimejifunga kuwa fungu lake chenyewe, na mpaka wa fungu umekuja baada ya bakúru. Kupotea kwa toni hakuvuki mpaka huo.

Mtu akiamua kuandika Kinyambo kama kisemwavyo, kwa uaminifu kamili, itambidi aandike neno la wafanyakazi kwa namna mbili, mara lenye alama na mara lisilo na alama, kwa kufuata maneno ya jirani. Mtoto atalikuta neno moja lina sura mbili kabla hajalijua. Mtu akiamua kuandika sura moja tu, ile ya neno likiwa peke yake, atakuwa ameandika toni isiyosikika katika sentensi, kama Mwingereza aandikavyo k ya kisu. Na akiacha toni zote, maneno yatofautianayo kwa toni tu yatafanana, kama paa na paa. Hakuna njia ya nne. Vivyo hivyo kwa urefu wa irabu, ila hapo jambo ni rahisi zaidi. Katika omuntu irabu u hurefuka, lakini hurefuka kwa sababu ya nt inayofuata, na msomaji ajuaye lugha hawezi kuifupisha hata akitaka. Hapana haja ya kuiandika mara mbili. Urefu usiotabirika kwa jirani zake ndio unaodai herufi ya pili, kama Waganda waandikavyo okusima, kuchimba, na okusiima, kushukuru.

Kinyambo bado hakina tahajia iliyogandishwa na karne za kupiga chapa. Mwaka 2002 Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa kitabu cha msamiati wa Kinyambo, kazi ya Josephat Rugemalira, na kwa hiyo neno la Kinyambo lina mahali pa kutazamwa. Hata hivyo wengi wa Kaisho waandikao Kinyambo, katika barua na sasa katika simu, huandika kwa mazoea ya Kiswahili walichojifunzia shuleni: irabu moja mahali pa mbili, toni hakuna, na ch mahali pa ky mkono ukiharakisha. Wanasomana bila taabu, kwa sababu ileile iliyomwezesha mtu wa pwani wa zamani kutochanganya pembe na bibi. Taabu huanza anapokuja msomaji wa namna nyingine: mtoto aliyezaliwa Mwanza au Dar es Salaam, aliyesikia Kinyambo cha wazazi nusunusu, naye ataka maandishi yamfundishe matamko asiyoyajua. Yeye yuko karibu na Steere kuliko na babu yake. Tahajia itakayomfaa yeye, yenye irabu mbili na alama za toni, itamchosha babu. Na ile imfaayo babu itamwacha mjukuu akisoma jina la wilaya yao kwa kulikata vipande, k na i na y, kama mgeni wa pwani.